Sekunde Mbili za Kusoma

Anayetazama tamthilia ya Kituruki yenye manukuu ya Kiswahili hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: anasoma chini na kuangalia nyuso juu. DJ anayetafsiri filamu kwa sauti akizidiwa na maneno huongeza kasi, au hupitiliza hadi tukio linalofuata, na watu hucheka tu. Mwandishi wa manukuu hana nafasi hiyo. Mwigizaji akishanyamaza, maandishi nayo hayana muda mrefu wa kubaki.

Kipimo chake ni herufi, pamoja na nafasi na alama za uandishi. Kuhesabu maneno hakusaidii sana katika Kiswahili, ambamo kitenzi kimoja hubeba sentensi nzima. Kiwango kinachotumika sana ni herufi 17 kwa sekunde, mistari isiyozidi miwili, na kila mstari usivuke herufi 42.

Tuseme mume anaingia nyumbani usiku wa manane na kumkuta mkewe amesinzia mezani, chakula kimepoa. Anazungumza harakaharaka kwa sekunde 2. Tafsiri ya kwanza, isiyoacha kitu, ni hii: “Nilikuambia tangu jana kwamba usinisubiri kwa sababu ningechelewa kurudi nyumbani.” Ni herufi 82, zinazohitaji karibu sekunde 5. Mtazamaji atafika katikati na maandishi yatatoweka.

Kwa sekunde 2 zinaruhusiwa herufi 34 tu. Kitu gani kiondoke? Saa ya ukutani na chakula kilichopoa vimeshasema kwamba amechelewa, na kwamba yuko nyumbani kila mtu anaona. Kisichoonekana ni lile onyo la jana, basi hilo ndilo linalobaki. Katika faili la manukuu litakaa hivi:

```
112
00:08:14,200 --> 00:08:16,200
Nilikuambia jana usinisubiri.
```

Herufi 29. Namba ya juu ni ya mpangilio. Mstari wa pili unaonyesha maandishi yanapotokea na yanapoondoka.

Kuna kosa jingine ambalo hesabu hailioni. Mpelelezi anasema, “Aliyemuua ni…”, anatulia, kisha anamtaja mtu. Jina likiwekwa kwenye maandishi yaleyale, mtazamaji atalisoma kabla halijatamkwa, na kimya kile alichokitengeneza mwigizaji kitakuwa cha bure. Sentensi hiyo igawanywe mara mbili, jina lisubiri sauti yake, hata kama yote yangeenea katika mstari mmoja.

Mwenyewe huwezi kujipima, maana ulichokiandika unakijua tayari. Mtafute mtu asiyeijua lugha ya filamu, mwonyeshe dakika chache bila kusimamisha, kisha muulize mwigizaji alikuwa ameshika nini mkononi. Kama hakuona, rudi ukapunguze maneno.