Myao wa Nakapanya, Myao wa Msumbiji: uraia unatoka wapi?

Wasikilizaji wetu wa Nakapanya wana ndugu ng'ambo ya mto Ruvuma. Wayao, Wamakua na Wamakonde wapo pande zote mbili. Lugha ni moja na jando ni moja, lakini mmoja ni Mtanzania na mwenzake ni Mmsumbiji. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haitaji kabila popote. Inauliza ulizaliwa wapi na wazazi wako ni raia wa nchi gani.

Tuchukue mfano. Mama Myao, Mtanzania aliyezaliwa Nakapanya, anaolewa ng'ambo na kujifungulia huko, mkoa wa Niassa. Mtoto huyo ni Mtanzania kwa kurithi, kupitia mama yake. Kwa kuwa baba ni Mmsumbiji, mtoto ana uraia wa huko pia. Tanzania haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili, hivyo akifika miaka 18 anatakiwa aukane ule wa Msumbiji ili abaki Mtanzania. Wengi hawajui hilo, wanakuja kushtuka siku ya kuomba kitambulisho cha NIDA.

Sasa mtoto huyo amekuwa binti na amebaki Mtanzania. Akizaa Niassa na Mmsumbiji, mjukuu hapati uraia wetu, kwa sababu uraia wa kurithi unavuka kizazi kimoja tu. Bibi ni Mtanzania, mjukuu ni mgeni, na wote ni Wayao. Lakini binti huyohuyo akivuka mto na kujifungulia upande huu, mtoto wake ni raia kwa kuzaliwa. Ndiyo maana tunasema tunza kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa: mahali palipoandikwa pana uzito kuliko ukoo.

Ugumu upo kwa mtoto aliyezaliwa hapa na wazazi wote wawili wageni. Ukisoma maandishi ya sheria, karibu kila aliyezaliwa nchini tangu Muungano, tarehe 26 Aprili 1964, ni raia, ukiacha watoto wa wanabalozi na wachache wengine. Katika utendaji, maofisa hutaka angalau mzazi mmoja awe Mtanzania. Kwa maoni yetu, pengo hilo linawaumiza zaidi wanaoishi mipakani.

Kenya wao wanafuata mzazi, si mahali. Wamakonde waliotoka Msumbiji, wengine wakipitia kwetu, walikwenda pwani ya Kenya kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Kwale, lakini hawakuwa na vitambulisho, kwa kuwa wazazi hawakuwa raia. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kwenda Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza waandikishwe. Leo kuna Mmakonde Mkenya, Mmakonde Mtanzania na Mmakonde Mmsumbiji.