Kinu cha Eldoret na hesabu ya shilingi ya leo

Kutoka bandari ya Mombasa hadi Eldoret ni takriban kilomita 800 za barabara. Mwenye kiwanda akiteremsha mtambo wake Kilindini, kila kilomita ya kuupandisha Uasin Gishu inamgharimu. Kwa takriban miaka kumi, hadi Aprili 2020, serikali ilimwambia mtu huyo: panda tu, gharama nitakusaidia kuibeba kwenye kodi. Aliyewekeza angalau shilingi milioni 200 kwenye kiwanda nje ya Nairobi, Mombasa na Kisumu alikubaliwa kukata asilimia 150 ya gharama hiyo kwenye faida yake kabla ya kutozwa kodi. Wa Changamwe alikata asilimia 100. Wa Eldoret 150, na wa Kilifi na Kwale pia, jambo ambalo sisi huku pwani hatukulisema sana.

Kiini cha mambo haya ni wakati. Kampuni ikinunua mtambo haiwezi tu kuuandika kama gharama ya mwaka ule, kama inavyoandika mishahara na umeme, isipokuwa sheria iruhusu. Kwa kawaida gharama inagawanywa kidogo kidogo kwa miaka, kwa jina la uchakavu. Kumbuka pia kwamba uchakavu anaouandika mhasibu kwenye vitabu vya kampuni, KRA hawautambui. Wanaurudisha kwenye faida, kisha wanatumia viwango vyao vilivyo kwenye Jedwali la Pili la Sheria ya Kodi ya Mapato. Kwa hiyo ukitaka kujua nafuu ya mtambo, usitazame vitabu vya mhasibu. Tazama jedwali hilo.

Tuchukue mfano wa kubuni: kinu cha kusaga mahindi Eldoret, mtambo wa milioni 200, kampuni yenye faida ya kutosha, kodi ya kampuni asilimia 30. Mwenye kinu anakopa benki kwa asilimia 14, kwa hiyo shilingi atakayoipata mwakani kwake ni pungufu ya shilingi ya leo kwa kiwango hicho.

Kwanza, tuseme anaruhusiwa kukata asilimia 10 kila mwaka kwa miaka 10. Kila mwaka kodi inapungua kwa milioni 6. Jumla ni milioni 60, lakini zinakuja kwa kuchechemea. Ukizihesabu kwa thamani ya leo, ni milioni 36 hivi tu. Pili, akikata gharama yote mwaka wa kwanza, milioni 60 zile zile anazipata mara moja, na thamani yake ni milioni 60 kamili. Serikali haijaongeza hata senti kwenye jumla. Imewahisha tu, na kuwahisha peke yake kumempa mwenye kinu milioni 24.

Katikati ya hizo mbili ndipo ilipotua sheria ya tarehe 25 Aprili 2020, iliyofuta ile asilimia 150. Mtambo wa kiwandani ukapewa nusu mwaka wa kwanza, na nusu iliyobaki ikaachwa kukatwa robo robo. Tukizichukua robo hizo kwa mafungu sawa, mwenye kinu wetu anapata milioni 30 mwanzoni, kisha milioni 7.5 kwa miaka minne. Thamani ya leo ni karibu milioni 52. Kwa ile ya zamani ya asilimia 150 angepata milioni 90 papo hapo.

Sasa tuje kwenye uamuzi wenyewe wa kununua au kutonunua. Mapato ya mtambo nayo yanatozwa asilimia 30, kwa hiyo mwenye kinu anabaki na saba ya kumi. Lazima hiyo saba ya kumi ifidie bei ya mtambo ukishatoa nafuu ya kodi. Kwa uchakavu wa polepole, bei halisi ni milioni 164, na mtambo lazima ulete mapato ya thamani ya leo ya milioni 235 ndipo ulipe. Mtambo ungeleta milioni 220, zaidi ya gharama yake, lakini mwenye kinu angeuacha dukani. Kwa sheria ya nusu kwanza, kizingiti kinashuka hadi milioni 212 hivi. Kwa kukata yote mara moja, bei halisi ni milioni 140 na kizingiti ni milioni 200 kamili, sawa na bei ya mtambo. Hapo serikali imekuwa kama mshirika mkimya: imechangia asilimia 30 ya mtaji, inachukua asilimia 30 ya mapato, na haimwelekezi mtu kununua wala kuacha.

Tazama basi asilimia 150. Bei halisi inashuka hadi milioni 110 na kizingiti hadi milioni 157. Maana yake mtambo wa milioni 200 unaoleta milioni 160 tu unampa mwenyewe faida, huku milioni 40 zikipotea kwa nchi nzima. Wanaotetea nafuu ile wanasema ilikuwa bei ya kuvuta kazi zitoke Nairobi na Mombasa, na hoja hiyo ina uzito wake. Kwangu mimi, hata hivyo, aliyelipia tofauti ile ni mlipa kodi mwingine, na alistahili kuambiwa wazi.

Mwaka 2021 Bunge lilirudisha asilimia 100 kwa anayewekeza angalau milioni 250 kwa mwaka mmoja nje ya kaunti za Nairobi na Mombasa. Eldoret ilipopewa hadhi ya jiji Agosti 2024 haikupoteza kitu hapo, maana sheria hiyo ilitaja kaunti. Lakini angalia kizingiti: kinu chetu cha milioni 200 kisingefika. Mwenye mtambo wa milioni 20 ndiyo kabisa. Viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara na miswada ya fedha, kwa hiyo mwulize mhasibu sheria ya mwaka wako.

Ajabu ni kwamba wadogo ndio wanaoitikia zaidi. Zwick na Mahon, waliochapisha utafiti wao wa makampuni ya Marekani mwaka 2017, walikuta kampuni ndogo zikiongeza uwekezaji kuliko kubwa pale nafuu inapowahishwa, na zikiitikia hasa pale inapoingiza pesa mkononi mwaka ule ule. Kampuni yenye hasara haina kodi ya kupunguziwa. Inasogeza makato mbele, na kule mbele thamani yake inanyauka kama tulivyoona.

Kuna mtego mwingine unaowanasa wengi. Makato yanahesabiwa tangu mwaka mtambo unapoanza kutumika, si mwaka ulioulipia. Kontena likikwama Kilindini Desemba, kinu kikawashwa Januari, mwaka mzima umepita. Kwa mfano wetu wa nusu kwanza, hiyo ni hasara ya zaidi ya milioni 6.

Na kwa ndugu zetu wanaokimbia riba na kuchukua mtambo kwa ijara: mwenye mali ni benki, kwa hiyo makato ya mtambo ni ya benki, nawe unakata kodi ya pango unayolipa. Kabla ya kutia sahihi, uliza benki ni kiasi gani cha nafuu hiyo kimepunguzwa kwenye pango lako. Wakikuambia hakuna, nafuu ya mtambo wako wameibakiza wao.