Bili ya Maji: Deni la Nyuma Si Gharama ya Mwezi

Bili ya maji ina namba nyingi, lakini jicho hukimbilia moja tu: ile ya chini kabisa, iliyokolezwa wino, ya jumla ya kulipa. Wengi wanaoweka hesabu ya matumizi ya nyumba huinakili hiyo kila mwezi na kufunga daftari. Namba hiyo ni sahihi kwa anayekwenda kulipa. Kwa anayetaka kujua maji yamemgharimu kiasi gani mwezi huu, inapotosha.

Chukua mfano wa nyumba ya wapangaji wanne wanaotumia mita moja katika mji mmoja wa Kenya. Bei na namba zote nitakazotaja ni za kuonyesha hesabu tu. Za kwako ziko kwenye bili yako. Bili ya Januari ilikuwa shilingi 2,800 na haikulipwa kwa wakati. Maji ya Februari yakagharimu 2,500, na kampuni ikajumlisha deni la nyuma, hivyo jumla ya kulipa ikawa 5,300. Mwenye nyumba akiandika 2,800 kwa Januari na 5,300 kwa Februari, daftari lake litaonyesha miezi miwili imekula 8,100. Ukweli ni 5,300. Januari imehesabiwa mara mbili, na wapangaji wakigawana kwa hesabu hiyo, watalipia maji ambayo hayakutoka kwenye bomba.

Dawa yake ni kuichambua bili kabla ya kuiandika. Siku hizi bili huja kama karatasi, kama faili au kama ujumbe kwenye simu, na kinachobaki mkononi mwa watu wengi ni picha. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye picha.

Piga picha siku ile ile bili inapofika. Risiti zinazotolewa na mashine ndogo za mkononi huchapishwa kwa joto, na maandishi yake hufifia yakikaa juani au karibu na jiko. Ilaze bili mezani, mchana, pembe zote nne zionekane. Ikunjue vizuri, kwa sababu mkunjo ukipita juu ya tarakimu, 3 hugeuka 8 na 1 hugeuka 7. Kama unatumia programu ya simu inayosoma maandishi kutoka kwenye picha, jihadhari zaidi na nukta. Ikipotea, shilingi 1,640.00 huingia kwenye jedwali kama 164,000, na programu haitakuonya.

Sasa tuisome bili ya Machi ya nyumba ile. Usomaji uliopita ni 1342, usomaji wa sasa ni 1366, matumizi ni uniti 24. Uniti moja ya maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Toa 1342 kwenye 1366 upate 24. Hesabu imekubali.

Kutoa huko ndiko ulinzi wako wa kwanza. Tuseme picha ilikuwa na kivuli, ukasoma 1386 badala ya 1366. Tofauti ingekuwa 44, nayo bili yenyewe imeandika 24. Namba tatu zinazotegemeana haziwezi kukosewa moja bila nyingine mbili kulalamika. Kwa hiyo usichukue matumizi peke yake kwa kuwa ndiyo unayoyataka. Chukua zote tatu, uzipatanishe.

Kuna upatanisho wa pili unaosahaulika sana: usomaji uliopita wa bili hii lazima ulingane na usomaji wa sasa wa bili ya mwezi uliotangulia. Kama Februari iliishia 1342, Machi ianzie hapo hapo. Ikianzia 1350, uniti nane zimepotea katikati na zinahitaji maelezo. Ikianzia 0005, huenda mita imebadilishwa. Angalia kama namba ya mita iliyoandikwa kwenye bili ni ile ile ya zamani. Ndiyo maana namba ya mita nayo ina safu yake kwenye jedwali, ingawa haiingii kwenye hesabu yoyote.

Baada ya uniti inakuja bei, na hapa ndipo wengi hupotea. Bei ya maji mara nyingi hupanda kwa ngazi. Uniti za mwanzo huwa nafuu ili kila nyumba imudu maji ya lazima, na kadiri unavyozidi kutumia ndivyo kila uniti inavyokuwa ghali. Kampuni haijipangii bei hizo ipendavyo: Kenya huidhinishwa na WASREB, Tanzania na EWURA. Katika mfano wetu, uniti 6 za kwanza ni shilingi 50 kila moja, kuanzia ya 7 hadi ya 20 ni shilingi 70, na zinazozidi 20 ni shilingi 90.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba ukifika uniti 24, zote zinatozwa shilingi 90. Sivyo. Kila ngazi inatozwa kwa bei yake. Uniti 6 za mwanzo ni shilingi 300. Zinazofuata 14 ni shilingi 980. Zilizobaki 4 ni shilingi 360. Jumla ni 1,640. Anayetumia jedwali la Excel anaweza kuiachia fomula kazi hiyo, matumizi yakiwa kwenye seli B2:

```
=MIN(B2,6)*50 + MAX(0,MIN(B2,20)-6)*70 + MAX(0,B2-20)*90
```

Weka matokeo ya fomula kando ya kiasi kilichochapishwa kwenye bili. Vikilingana, umesoma sawasawa. Visipolingana, ama umekosea tarakimu, ama bei zimebadilika, ama mita yako imewekwa kwenye kundi lisilo lako, kwa mfano biashara badala ya nyumba. La mwisho hilo linastahili safari ya kwenda ofisini, kwa sababu litajirudia kila mwezi.

Juu ya maji, bili hii ina majitaka, asilimia 75 ya bei ya maji, yaani 1,230, na ada ya mita 100. Gharama ya Machi basi ni 1,640 na 1,230 na 100, jumla 2,970. Hiyo ndiyo namba inayoingia kwenye safu ya gharama.

Lakini chini ya bili pameandikwa 3,270. Shilingi 300 zimetoka wapi? Rudi juu kidogo. Salio la Februari lilikuwa 5,300, mwenye nyumba akalipa 5,000 kwa M-Pesa, zikabaki 300. Hizo 300 ni deni la nyuma. Ni maji ya miezi iliyopita, ambayo tayari yako kwenye mistari ya Januari na Februari. Yaandikie safu yake na uyaache huko. Upatanisho wa tatu ni huu: salio lililopita, toa malipo, jumlisha gharama ya mwezi, lazima upate jumla ya kulipa. 5,300 toa 5,000, jumlisha 2,970, ni 3,270. Kama ungelipa na malipo hayaonekani, hesabu hii ndiyo ingekuambia, na ungekuwa na kiasi kamili cha kuulizia. Kabla ya kulalamika, tazama tarehe: malipo yaliyofanywa baada ya bili kuandaliwa yataonekana mwezi unaofuata.

Mstari mmoja wa jedwali, basi, unahitaji tarehe mbili za usomaji, namba ya mita, usomaji uliopita na wa sasa, matumizi, gharama ya maji, gharama nyinginezo, gharama ya mwezi, deni la nyuma, malipo na jumla ya kulipa. Tarehe za usomaji ni muhimu kuliko tarehe ya bili. Msoma mita akija baada ya siku 36 badala ya 30, matumizi yatapanda bila mtu yeyote kubadili mazoea yake. Gawa uniti kwa siku ndipo ulinganishe. Uniti 24 kwa siku 30 ni lita 800 kwa siku kwa nyumba nzima. Namba hiyo ikipanda miezi miwili mfululizo na wapangaji ni wale wale, funga mabomba yote usiku na utazame kama mita bado inazunguka.

Ongeza safu moja ya mwisho: je, usomaji ni wa kweli au wa kukadiria? Msoma mita akikuta geti limefungwa, kampuni hukadiria, na bili nyingi huweka alama inayoonyesha hivyo. Wengi huipuuza wakidhani mwezi ujao mambo yatasawazika. Uniti zitasawazika, ila pesa huenda zisisawazike. Tuseme nyumba ile ilitumia uniti 24 Aprili na 24 Mei, lakini Aprili ikakadiriwa 15. Mei mita inaposomwa, zinatokea 33. Aprili itatozwa 930 za maji, Mei 2,450, jumla 3,380. Kama kila mwezi ungesomwa ipasavyo, ingekuwa 1,640 mara mbili, yaani 3,280. Uniti ni zile zile 48, ila zaidi zimesukumwa kwenye ngazi ya juu. Shilingi 100 zimeongezeka, na majitaka yakafuata na 75 zake. Mwenye jedwali lenye safu hiyo ataliona jambo hili mara moja na kuomba uniti zigawanywe upya katika miezi miwili. Asiye nalo atalipa na kuwalaumu wapangaji kwa kupoteza maji.

Mpaka wa njia hii uwe wazi pia. Patanisho zote tatu zinathibitisha kwamba umeisoma picha sawasawa na kwamba bili haijipingi yenyewe. Hazithibitishi kwamba msoma mita aliandika kilichokuwa kwenye mita. Akiandika 1366 mita ikiwa 1356, kutoa kutakubali, ngazi zitakubali, jumla itakubali. Hapo kinachosaidia ni picha ya pili, ya mita yenyewe, uliyopiga siku ya usomaji. Kwenye mita nyingi tarakimu nyeusi ndizo uniti kamili, na nyekundu ni vipande vya uniti ambavyo havitozwi mpaka vikamilike. Soma nyeusi tu.

Na pale ambapo namba inakataa kusomeka, usikisie ili mstari ujae. Mara nyingi namba zilizobaki zinatosha kuirudisha: ukijua usomaji uliopita na matumizi, usomaji wa sasa unajipata wenyewe. Ikiwa hata hizo hazitoshi, acha seli wazi, andika kando kwamba haijathibitishwa, na usubiri bili inayofuata, ambayo itabeba usomaji ule ule katika nafasi ya usomaji uliopita.