Sauti Yake, Maneno ya Tapeli

Machi 2019, mkurugenzi wa kampuni moja ya nishati nchini Uingereza alipigiwa simu na bosi wake, mkuu wa kampuni mama iliyoko Ujerumani. Bosi alitaka euro 220,000 zilipwe kwa msambazaji mmoja wa Hungary, na zilipwe ndani ya saa moja. Mkurugenzi akalipa. Hakuwa mzembe. Sauti ya bosi aliijua vizuri, na hii ilikuwa na lafudhi ileile ya Kijerumani na mwendo uleule wa kuongea aliouzoea. Lakini aliyekuwa upande wa pili hakuwa bosi. Kwa maelezo ya Euler Hermes, kampuni ya bima iliyolipa fidia ya hasara hiyo, wezi walitumia programu ya kompyuta iliyoiga sauti.

Siku hiyohiyo "bosi" alipiga tena kusema fedha zimesharudishwa, kisha akapiga mara ya tatu kuomba malipo mengine. Hapo ndipo mkurugenzi alipostuka. Sauti ilikuwa bado nzuri, ila fedha zilizosemwa zimerudi hazikuwa zimeonekana kwenye akaunti, na namba iliyopiga ilikuwa ya Austria badala ya Ujerumani. Malipo ya pili hayakufanyika. Yale ya kwanza yalikuwa yameshafika Hungary, na kutoka huko yakahamishiwa Mexico na kwingineko.

Naianza habari hii na kisa hicho kwa sababu watu wengi wakisikia kuna sauti za kughushi huuliza kwanza: je, nitaisikiaje? Dalili za kusikika zipo, na nitazieleza. Lakini mtu anayeyategemea masikio yake peke yake atapigwa. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwasikilizisha watu 529 sauti za kweli na za kutengenezwa, kwa Kiingereza na kwa Kichina cha Mandarin. Za kutengenezwa zilitambuliwa kwa asilimia 73 tu, na wale waliopewa mifano ya kujifunzia kwanza waliongeza kidogo sana. Na hao walikuwa wametulia, wameambiwa wazi kwamba wanatafuta sauti za uongo. Hakuna aliyekuwa akiambiwa mwanawe yuko chumba cha upasuaji.

Ili uelewe dalili zinatoka wapi, inafaa kujua sauti inavyoibwa. Tapeli anahitaji kipande cha sauti yako, na si kirefu. Januari 2023 kampuni ya Microsoft ilitangaza mfumo wake wa utafiti uitwao VALL-E, uliofundishwa kwa saa 60,000 za Kiingereza, ambao uliweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde 3 tu. Video ya harusi, klipu ya TikTok, au voisi uliyotuma kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili inatosha kabisa. Programu huchambua kipande hicho na kushika sifa za sauti: uzito wake, ukwaruzo wake, jinsi inavyopanda na kushuka. Baada ya hapo kuna njia mbili, na tofauti yake ni muhimu.

Njia ya kwanza, tapeli anaandika maneno na programu inayasoma kwa sauti yako. Ya pili, tapeli anaongea mwenyewe na programu inaivalisha sauti yake ngozi ya sauti yako papo hapo. Katika njia ya kwanza, mashine ndiyo inayoamua wapi pa kukazia neno na wapi pa kupumzika, kwa hiyo makosa huwa ya mashine. Katika ya pili, lafudhi, pumzi na lugha ya mitaani ni za tapeli, kwa hiyo makosa huwa ya mtu asiyekujua. Mama anaweza kusikia sauti ya mwanawe kabisa, lakini inamwita kwa namna ambayo mwanawe hajawahi kumwita.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa aina inayofanana na utapeli tuliouzoea. Inaingia voisi kutoka namba ngeni: "Mama, shikamoo. Nimepata ajali, simu yangu imevunjika, hii ni ya mwenzangu. Nitumie laki tatu haraka kwenye namba hii, daktari anasubiri." Sauti ni ya Juma. Tuanze hapo.

Kitu cha kwanza cha kusikiliza ni mahali, kabla hata ya maneno. Mtu aliye kando ya barabara au kwenye korido ya hospitali ana mahali pake ndani ya sauti: mwangwi wa ukuta, upepo, mtu anapita akiongea. Sauti iliyotengenezwa mara nyingi huwa safi mno, na kati ya neno na neno kuna ukimya mkavu kama wa studio. Matapeli wanalijua hilo, kwa hiyo huweka kelele chini yake, honi au king'ora. Sikiliza kama kelele hiyo inahusiana na anayeongea. Mtu aliye kwenye kelele hupaza sauti, na sauti iliyopazwa hubadilika kweli: hukaza, hupanda juu, irabu hurefuka. Ukisikia king'ora kikali huku Juma anaongea kwa sauti ya chini kama aliye sebuleni, kuna walakini. Lakini dalili hii ina mpaka wake. Simu nyingi za sasa huchuja kelele zenyewe, hivyo usafi peke yake si ushahidi.

Cha pili ni pumzi. Aliyeumia au anayelia hawezi kumaliza sentensi ndefu bila kuvuta hewa, na huivuta mahali maana inaporuhusu, au pale kilio kinapomkatiza. Mashine huweza kupita sentensi tatu bila pumzi, au ikaiweka katikati ya maneno yasiyoachana. Kilio nacho huwa kimewekwa kabla na baada ya maneno, kikikosa kuingia ndani yake.

Cha tatu ni Kiswahili chenyewe, na hapa sisi tuna bahati kidogo kwa sasa, kwa kuwa mifumo mingi imelishwa Kiingereza kwa wingi kuliko lugha yetu. Mashine huweza kuteleza kwenye ng' ya "ng'ombe" ikaitamka kama ng ya "ngoma", au ikalegeza dh na gh. Hukosea mkazo pia. Neno barabara huandikwa vilevile likiwa njia ya magari na likiwa na maana ya sawasawa, lakini la kwanza hukaziwa silabi ya tatu na la pili silabi ya pili, na maandishi hayamwambii msomaji lipi ni lipi. Angalia pia tarakimu: mashine iliyoandikiwa 300,000 inaweza kusoma kwa namna ambayo Juma, anayesema "laki tatu" maisha yake yote, hangeisema. Bahati hiyo inapungua kila mifumo inavyoboreshwa, na kwenye njia ya pili, ambako tapeli anaongea mwenyewe, haitusaidii kabisa kama naye ni Mswahili.

Sikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, mara mbili au tatu. Spika ya simu huficha mengi. Simu ya kawaida huficha zaidi, kwa sababu mkondo wake wa kizamani hupitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na sehemu kubwa ya mlio wa s, sh na f, ambako ughushi hujitokeza, iko juu ya hapo. Ndiyo maana laini mbovu ni rafiki wa tapeli.

Faili lenyewe lina la kusema. Kwenye WhatsApp, ujumbe uliorekodiwa kwa kubonyeza kipaza sauti ndani ya programu huonekana na alama ya kipaza sauti. Faili la sauti lililotengenezwa kwingine na kuambatishwa huonekana kama faili la sauti tu. Katika simu za Android ujumbe wa kurekodi huhifadhiwa kwa jina linaloanza na `PTT-`, na faili la kuambatisha kwa `AUD-`. Juma anayelia kutoka hospitalini hana sababu ya kutuma `AUD-`. Hata hivyo, alama ya kipaza sauti haimsafishi mtu, maana tapeli anaweza kucheza sauti ya kughushi kwenye spika na kuirekodi upya. Hapo utasikia sauti kama iliyo ndani ya debe.

Na kama ni simu ya moja kwa moja? Mkatize. Anayesomesha mashine maandishi anahitaji muda wa kuandika jibu, kwa hiyo kila swali lisilotarajiwa hufuatwa na kimya cha urefu unaofanana, au na "unanisikia? laini mbaya". Mwambie arudie alichosema. Binadamu harudii sentensi kwa mlio uleule, ila rekodi hurudia hivyohivyo, pumzi kwa pumzi.

Bado, lililo imara kuliko yote hayo ni swali. Julai 2024, ofisa mmoja wa juu wa kampuni ya magari ya Ferrari alianza kupokea ujumbe wa WhatsApp ulioonekana kutoka kwa mkurugenzi mkuu, Benedetto Vigna, kutoka namba isiyo yake ya kawaida, ukizungumzia ununuzi mkubwa wa siri. Kisha simu ikaingia. Lafudhi ya kusini mwa Italia ilikuwa imeigwa vizuri sana. Ofisa alihisi ukavu kidogo wa kimashine katika mwendo wa sauti, lakini hakubaki kubishana na masikio yake. Aliomba radhi, akasema anahitaji kumtambua, akauliza: kitabu ulichonipendekezea siku chache zilizopita kinaitwaje? Simu ikakatwa.

Tazama swali lenyewe lilivyo. Halikuhusu jina la mama wala shule aliyosoma, mambo yanayopatikana Facebook. Lilihusu jambo dogo la juzi, kati ya watu wawili, ambalo halikuandikwa popote pa wazi. Kwa Juma, muulize mlikula nini alipokuja mara ya mwisho, au nani aliyemsindikiza stendi. Familia zinazowasiliana kwa voisi kutoka Muscat au Minnesota zinaweza pia kukubaliana neno moja la siri, linalosemwa uso kwa uso au kwa simu na kamwe lisiandikwe kwenye kundi.

Kisha kata, upige namba ya Juma unayoijua, hata kama umeambiwa imevunjika. Isipopokelewa, mpigie anayeishi naye. Kuonekana kwa namba ya kweli kwenye kioo hakutoshi, kwa sababu namba ya mpigaji inaweza kughushiwa. Unapopiga wewe, simu inamfikia mwenye laini. Na kabla ya kuweka namba ya siri ya kutuma pesa, soma jina linalojitokeza. "Mwenzangu" wa Juma ana jina, na Juma anapaswa kulijua.

Kama pesa zimeshakwenda, piga mtandao wako mara moja, kwa sababu salio likitolewa kwa wakala huwa vigumu kurudi. Voisi usiifute wala kuisambaza kwenye makundi. Iache kwenye simu ilikoingia, pamoja na namba na saa, maana polisi wataihitaji katika hali hiyo. Tanzania, namba ya tapeli huripotiwa bure kwa 15040; Kenya, wateja wa Safaricom hutumia 333.