Picha Moja Yatosha: Namba 512 Zinazohamisha Sura

Mwishoni mwa mwaka 2017, mtu aliyejiita "deepfakes" alianza kusambaza mtandaoni video za ngono zilizopachikwa nyuso za waigizaji mashuhuri wa kike, bila ridhaa yao. Dunia ilishtuka, na ilikuwa na haki ya kushtuka. Hata hivyo mbinu ile ilikuwa na ugumu ambao uliwakinga watu wa kawaida pasipo mtu yeyote kukusudia. Ili kuhamisha sura ya mtu, mtengenezaji alihitaji mamia au maelfu ya picha zake, kisha aiache kompyuta yenye nguvu ijifunze kwa saa nyingi, pengine siku kadhaa. Mwigizaji wa sinema ana picha hizo. Mwalimu wa shule ya msingi au muuza duka hana.

Kinga hiyo sasa haipo. Picha moja ya pasipoti inatosha, na hakuna mafunzo mapya yanayohitajika. Kuelewa jinsi ilivyotoweka kunataka kuangalia kwanza mfumo wa zamani ulivyofanya kazi.

Mfumo ule ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, tuiite msomaji, iliipokea picha ya uso na kuibana hadi zibaki taarifa chache za msingi: kichwa kimeelekea wapi, mdomo umefunguka kiasi gani, mwanga unatoka upande gani. Ya pili, tuiite mchoraji, ilizichukua taarifa hizo na kuchora uso upya. Tuseme watu wawili ni Asha na Juma. Msomaji alikuwa mmoja kwa wote, lakini kila mtu alikuwa na mchoraji wake. Mchoraji wa Asha alifunzwa kwa picha za Asha peke yake, kwa hiyo hakujua kuchora sura nyingine. Msomaji akisoma picha ya Juma anayecheka, kisha taarifa zikapelekwa kwa mchoraji wa Asha, anatokea Asha akicheka cheko lilelile.

Ni werevu, lakini ni werevu unaoishia kwa watu wawili. Akija Rehema, mafunzo yanaanza upya. Kundi la watu 20 lina jozi 190, na ukitaka kubadilishana sura kati ya yeyote na yeyote, kazi haina mwisho.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jiao Tong cha Shanghai, pamoja na wenzao wa kampuni ya Tencent, walitoa mwaka 2020 mfumo walioupa jina SimSwap. Hoja yao ilianzia kwenye swali moja: katika mfumo wa zamani, sura ya Asha imehifadhiwa wapi? Imo ndani ya mchoraji wake, katika mamilioni ya namba zilizorekebishwa kidogo kidogo wakati wa mafunzo. Basi, wakasema, tuitoe humo. Mchoraji abaki mmoja kwa binadamu wote, na sura iletwe kutoka nje kila inapohitajika. Aliyepewa kazi ya kuileta ni mfumo ambao haukubuniwa kwa ajili ya kughushi hata kidogo: mfumo wa utambuzi wa nyuso.

Waliotumia walikuta tayari upo. ArcFace, uliotolewa na watafiti wa Imperial College London na wenzao, umefunzwa kujibu swali la afisa wa mpakani: je, picha hizi mbili ni za mtu mmoja? Moja ya mikusanyo iliyotumika kuufunza ina picha milioni 5.8 za watu wapatao 85,000. Unaupa uso uliokatwa na kunyooshwa, wenye pikseli 112 kwa 112, nao unarudisha orodha ya namba 512. Orodha hiyo wataalamu huiita vekta. Hakuna namba hata moja kati ya hizo inayosema "pua pana" au "macho makubwa". Maana imetawanyika katika zote kwa pamoja. Vekta hurekebishwa ili urefu wake uwe 1, kwa hiyo kinachobaki kuwa na maana ni uelekeo wake tu. Vekta za picha mbili za mtu mmoja huelekea karibu upande uleule. Za watu wawili tofauti huachana.

Ukaribu huo haukuja wenyewe. Wakati wa mafunzo, ArcFace ilifanyiwa ugumu wa makusudi: kila picha ilihesabiwa kana kwamba iko mbali na mwenyewe kwa pembe ya ziada ya takriban nyuzi 28.6, ikalazimika kujisogeza zaidi ili ikubaliwe. Kwa kulazimishwa hivyo mamilioni ya mara, mfumo ukajifunza kutupa chochote kinachobadilika kwa mtu yuleyule, kama vile tabasamu, mwanga, mkao wa kichwa au miwani, na kushika kile kinachomtofautisha na wengine. Haufanikiwi kabisa, lakini unafanikiwa vya kutosha. Na hicho ndicho mtu anayehamisha sura anachokitafuta: Asha bila tabasamu lake, bila mwanga wa chumba alichopigiwa picha.

Swali linalofuata ni jinsi namba hizo zinavyoingia kwenye picha ya Juma. Ndani ya SimSwap, picha ya Juma hugawanywa katika mamia ya tabaka, na kila tabaka ni ramani ndogo inayoonyesha ni wapi jambo fulani limeonekana: ukingo hapa, kivuli pale. Kila tabaka lina wastani wake na mtawanyiko wake wa thamani. Mfumo unaufuta wastani huo na mtawanyiko huo, kisha unaweka vingine vilivyokokotolewa kutoka kwenye vekta ya Asha. Fundi mitambo wa studio hufanya jambo linalokaribiana na hilo anapopandisha besi na kushusha sauti za juu: wimbo haubadiliki noti hata moja, lakini unasikika tofauti. Mahali pa vitu panabaki pa Juma, yaani mdomo ulipo na jinsi ulivyofunguka. Uzito wa kila tabaka ndio unaoamuliwa na Asha. Zoezi hilo hurudiwa katika hatua tisa mfululizo, ndipo mchoraji anapoanza kuchora.

Kumfunza mchoraji wa namna hii kuna mtego. Hakuna picha halisi ya Asha akiwa na mkao na cheko la Juma ili ilinganishwe na matokeo. Kwa hiyo matokeo yanarudishwa kwa ArcFace ileile, ambayo yenyewe imefungwa isibadilike, isome tena vekta na kupima iko karibu kiasi gani na ya Asha. Mfumo wa utambuzi, kwa maneno mengine, ni mwongozaji na msahihishaji kwa wakati mmoja. Katika mafungu mengine ya mafunzo picha zote mbili huwa za mtu mmoja; hapo jibu sahihi linajulikana, kwa sababu kumvika mtu sura yake mwenyewe kunapaswa kurudisha picha ileile. Mtandao wa tatu hukagua kama matokeo yanaonekana halisi, na pia husaidia kulinda cheko na mwanga wa Juma. Mafunzo ya SimSwap yalitumia VGGFace2, mkusanyo wenye watu zaidi ya 9,000. Mchoraji aliyepitia sura za maelfu ya watu hajifunzi mtu mmoja mmoja. Anajifunza jinsi ya kuugeuza uelekeo wowote wa vekta kuwa uso. Mtu ambaye hajawahi kumwona ni uelekeo mpya tu.

Matumizi yake ni mepesi kwa kiasi cha kutisha. Chukua faili la inswapper_128, la kundi la InsightFace, ambalo tangu mwaka 2023 limekuwa msingi wa programu nyingi za kubadilisha sura. Picha ya Asha inasomwa mara moja tu, zinapatikana namba 512, na baada ya hapo picha yenyewe haihitajiki tena. Video ya Juma ya sekunde 10 yenye fremu 25 kwa sekunde ina fremu 250. Katika kila fremu programu inatafuta uso, inaweka alama tano (macho mawili, ncha ya pua, pembe mbili za mdomo), inaunyoosha, inaukata kwa pikseli 128 kwa 128, inauchora upya kwa vekta ileile, kisha inaubandika mahali pake.

Mipaka ya mbinu inatokana na njia hiyohiyo. Kwa kuwa mchoraji anapata namba badala ya picha, kovu la shavuni au doa la kuzaliwa la Asha mara nyingi halivuki. Nywele, masikio, shingo na kwa sehemu kubwa umbo la taya hubaki ya Juma, hivyo anayemfahamu Asha anaweza kuona ndugu yake wa tumbo moja badala ya yeye mwenyewe. Uso wa pikseli 128 ukivutwa kujaza nafasi ya pikseli 500, meno na kope hufifia. Watu huongeza programu za kunoa picha kama GFPGAN, lakini hizo hubuni kope na meno. Hazirudishi ya Asha.

Kuna tatizo la ndani zaidi. Mchoraji anaweza kujifunza kumridhisha ArcFace bila kumridhisha jicho la binadamu. Ndiyo maana watafiti wa SimSwap walipima kazi yao kwa mfumo mwingine wa utambuzi ambao haukushiriki mafunzo, nao ukamtambua mwenye sura katika zaidi ya asilimia 90 ya fremu.

Msahihishaji mwenyewe pia ana upofu wake, na hapa Waafrika wanaguswa moja kwa moja. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliripoti Desemba 2019 kwamba katika mifumo mingi iliyoipima, makosa ya kudhani watu wawili tofauti ni mtu mmoja yalikuwa ya juu zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki. NIST ilipima utambuzi, si ubadilishaji wa sura. Lakini pale ambapo vekta za watu wawili wa Mombasa zimekaribiana kupita kiasi, mchoraji hana taarifa ya kuwatofautisha, na sura inayotoka ni ya jumla, haina mwenyewe. Jambo hilo halipaswi kumfariji mtu. Kwenye skrini ndogo ya simu, sura inayokaribia tu inatosha kumdanganya mzazi mwenye wasiwasi.

Ukiwa na shaka katika simu ya video, mwombe unayezungumza naye ageuke ubavu kabisa, kisha apitishe kiganja polepole mbele ya uso. Kichwa kikigeuka kabisa, jicho moja na pembe moja ya mdomo hupotea, alama tano hazipatikani vizuri, na sura huyumba au ile halisi huchungulia kwa fremu chache. Kiganja kinaweza kupakwa macho na pua juu yake. Programu bora zina njia za kukikwepa kiganja, kwa hiyo jaribio likifaulu bado si uthibitisho. Pale panapohusika pesa au siri ya familia, kata simu, kisha mpigie mtu huyo wewe mwenyewe kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani.