Kishindo Ndani ya Ukuta: Kwa Nini Mabomba Hugonga Koki Inapofungwa

Nyumba nyingi Dar es Salaam huishi miaka kadhaa na tangi juu ya mnara bila mabomba kutoa hata sauti. Kisha mwenye nyumba anachoka na bafu linalodondosha maji, ananunua pampu ya kuongeza presha, na baada ya muda mashine ya kufulia inaingia. Hapo ndipo kelele zinapoanza. Mashine ikimaliza kuvuta maji, ukuta unagonga “ko!” kama kuna mtu upande wa pili. Wengi hudhani ni hewa iliyonaswa bombani, au bomba limeoza. Kwa kawaida si hewa wala si uozo. Ni maji yaliyosimamishwa ghafla.

Maji yana uzito, na yakiwa mwendoni hayapendi kusimama. Chukua bomba la chuma la nusu inchi, lenye upana wa ndani wa milimita 15, likitoka kwenye pampu hadi kwenye mashine umbali wa mita 15. Ndani yake kuna kilo mbili na nusu hivi za maji. Mashine inapojaza lita kumi kwa dakika, maji hayo yote yanasogea kwa mwendo wa karibu mita moja kwa sekunde, yaani polepole kuliko mtu anayetembea. Yanaonekana hayana madhara.

Tatizo ni namna mashine inavyofunga. Koki yake ya ndani huendeshwa na umeme, na umeme ukikatika kifuniko hujibana mara moja. Maji yaliyo karibu na kifuniko yanasimama, ila yale ya nyuma hayajajua kitu, bado yanakuja. Yanajisukuma juu ya yale yaliyosimama, yanabanwa kidogo, na presha inapanda. Hali hiyo ya kubanwa inarudi nyuma kando ya bomba kama wimbi, kwa kasi ya sauti majini. Katika bomba la chuma kasi hiyo ni kama mita 1,300 kwa sekunde. Wimbi likifika kwenye pampu au bomba kubwa linageuka na kurudi, likienda na kurudi mpaka linyong’onyee.

Mtu aliyeliweka jambo hili kwenye hesabu inayotumika hadi leo ni Mrusi Nikolai Zhukovski, aliyefanya majaribio kwenye mabomba ya maji ya Moscow na kuchapisha matokeo mwaka 1898. Alionyesha kwamba presha inayoongezeka hupatikana kwa kuzidisha uzito wa maji kwa ujazo, kasi ya wimbi, na mwendo wa maji uliokatishwa. Kwa bomba letu jibu ni kama ba 13. Pampu yenyewe huenda inatoa ba 3 tu. Kwa hiyo kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho bomba linabeba ba 16, na kiwiko cha bomba kinasukumwa kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 23. Kama klipu za ukutani zimelegea, bomba linaruka na kugonga tofali. Huo ndio mgongo unaousikia.

Sasa inaeleweka kwa nini tangi peke yake lilikuwa kimya. Tangi lililo mita tatu juu ya koki hutoa presha ya ba 0.3 tu, maji yanatiririka kwa uvivu, na mwendo mdogo huzaa kishindo kidogo. Pampu ndiyo iliyoongeza mwendo, na mashine ndiyo iliyoleta kufunga kwa ghafla.

Muda wa kufunga una mpaka wake. Katika bomba letu wimbi huenda na kurudi kwa sekunde 0.023. Koki ikifungwa ndani ya muda huo, kishindo kinakuwa kamili. Ikifungwa polepole zaidi, wimbi linarudi likikuta mlango bado haujafungwa na presha inapungua. Ukiifunga kwa sekunde moja nzima, ongezeko halifiki hata nusu ya ba moja. Ndiyo maana koki za zamani za kuzungusha mara tatu nne hazigongi, lakini zile za mpini, zinazofungwa kwa robo mzunguko, hugonga mkono ukiwa na haraka. Kwa koki ya mkono, basi, dawa ni bure: funga taratibu. Mashine haiambiwi hivyo, na ndiyo inayohitaji kifaa.

Kifaa hicho huitwa kizuia kishindo. Ni kikopo kidogo cha shaba chenye pistoni ndani. Upande mmoja wa pistoni kuna maji ya bomba, upande mwingine kuna gesi iliyofungiwa kiwandani, na oringi zinazuia viwili hivyo visikutane. Kazi yake ni ile ya shokapu ya gari. Koki inapofungwa, maji yanayokuja hayagongi mlango mtupu. Yanaingia kwenye kikopo na kusukuma pistoni, gesi inabanwa, kisha inayarudisha kwa upole.

Ajabu ni udogo wa nafasi inayohitajika. Kwa maji ya bomba letu, gesi ya mililita 30 inatosha. Pistoni itasogea kiasi cha mililita kumi, yaani vijiko viwili vya chai, na maji yatasimama kwa karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Presha inaongezeka kwa kama ba 3, badala ya 13.

Kikopo hicho hufanya kazi kikiwa karibu na koki inayogonga. Kukiweka kando ya pampu wakati mashine iko mita 15 mbali ni kupoteza pesa, kwa sababu wimbi huzaliwa kwenye koki na linafanya uharibifu kabla halijakifikia. Mahali pake ni kati ya ukuta na mpira wa mashine.

Mafundi wa zamani walitumia njia rahisi: kipande cha bomba kilichosimama wima juu ya koki na kuzibwa kichwa, ili hewa ibaki ndani. Husaidia, ila hewa huyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji na siku moja kipande kinajaa maji, na kugonga kunarudi. Kukifufua, funga maji ya nyumba, fungua koki zote mpaka mabomba yakauke, kisha jaza upya. Pistoni ipo ili kuondoa kazi hiyo.

Kabla ya kununua, sikiliza sauti inatoka lini. Ikigonga mara moja pale koki inapofungwa, ni kishindo cha maji. Ikitetemeka maji yakiendelea kutoka, washa ya koki huenda imelegea. Ikigonga pampu inapozimika, chunguza valvu inayozuia maji kurudi: maji yanarudi nyuma kabla haijafunga, na kikopo kilicho kwenye mashine hakitalisaidia. Geji ikionyesha presha ya juu hata maji yakiwa yametulia, shusha kwanza mpangilio wa pampu, kwa kuwa kizuia kishindo hakipunguzi presha ya kawaida. Na ukiwa na bomba la plastiki, ongezeko ni karibu theluthi ya lile la chuma, kwa sababu plastiki hutanuka kidogo na wimbi hupita polepole. Bado kaza klipu zake, maana bomba laini huyumba zaidi.