Nota tatu za Sonny Rollins

Tarehe 22 Juni 1956 watu wanne walikutana Hackensack, jimbo la New Jersey, kwenye sebule ya nyumba ya wazazi wa fundi mitambo Rudy Van Gelder. Sebule hiyo ndiyo iliyokuwa studio yake. Sonny Rollins alishika saksafoni ya tena, Tommy Flanagan alikaa kwenye piano, Doug Watkins alipiga besi, na Max Roach alikuwa nyuma ya dramu. Miongoni mwa vipande walivyorekodi siku hiyo kwa ajili ya albamu ya Saxophone Colossus kuna bluzi ya zaidi ya dakika 11 iitwayo Blue 7. Kwa yeyote anayetaka kujua jinsi ya kuandika kuhusu solo iliyorekodiwa, sijui kipande kinachofundisha zaidi ya hicho, wala kinachotega zaidi.

Msomaji aliyekulia kwenye santuri za Morogoro Jazz au Kilwa Jazz aelewe kwamba jazi ninayoizungumzia hapa ni nyingine. Bendi zetu zilichukua jina, zikapiga rumba na dansi. Ila kazi ya mpiga gitaa la solo haiko mbali na ya Rollins: chini yake kuna mzunguko wa kodi unaojirudia, na juu ya mzunguko huo anabuni papo hapo. Katika bluzi mzunguko una vipimo 12. Nyumbani ni kodi ya do. Katika kipimo cha tano wanahamia kodi ya fa, wanarudi nyumbani kwenye cha saba, wanapita kwenye kodi ya so katika cha tisa, kisha wanarudi tena do kufunga mzunguko. Wanapiga hivyo mara nyingi mfululizo, na kila mzunguko mwenye solo anasema jambo jingine.

Atajuaje apige nota zipi? Jibu linalofundishwa sana leo madarasani ni kwamba kila kodi ina skeli yake. George Russell alilijengea wazo hilo msingi katika kitabu alichokitoa mwaka 1953, na baadaye vyuo vya jazi, hasa Berklee mjini Boston, vikalifanya kuwa somo la kawaida. Aliyewahi kuimba kwaya kwa nota za do-re-mi hatapata shida kulifuata. Kodi ya nyumbani katika bluzi ina nota nne: do, mi, so na ta, yaani ti iliyoshushwa nusu hatua. Kati ya nota hizo kuna mapengo. Kati ya do na mi unaweka re, na kati ya so na ta unaweka la. Pengo lililobaki ni lile la kati ya mi na so, na hapo una chaguo. Ukiweka fa, inakaa nusu hatua tu juu ya mi, na ukiishikilia kwa muda mrefu zinakwaruzana. Ukiipandisha nusu ikawa fe, mkwaruzo unaondoka na sauti inafunguka. Skeli unayoipata, do re mi fe so la ta, vitabu vya mafunzo huiita lidiani dominanti.

Kama zana ya mazoezi, njia hii ni nzuri. Mwanafunzi aliyekuwa akizizunguka nota nne za kodi sasa ana saba, na anajua ipi itasikika ina utulivu na ipi itasikika ina kiu. Tatizo linaanza anapoigeuza kuwa njia ya kusikiliza. Anachukua solo ya mtu, anaandika jina la skeli juu ya kila kipimo, akifika mwisho anaamini ameichambua. Makala za namna hiyo ni nyingi, na nyingi zinachosha.

Turudi kwenye Blue 7 tuone kinachopotea. Watkins anaanza peke yake na besi inayotembea, kisha Rollins anaingia na wimbo wenyewe. Bluzi hii iko katika B-flati, kwa hiyo B-flati ndiyo do. Wimbo unasimama juu ya nota tatu: D, A-flati na E. Ukizisoma kwa do-re-mi unapata mi, ta na fe. Bingwa wa skeli atafurahi, maana zote tatu zimo ndani ya lidiani dominanti. Ataandika jina hilo na kusonga mbele.

Sasa hesabu umbali. Oktavo moja ina nusu hatua 12. Kutoka do hadi fe ni nusu hatua sita, na kutoka mi hadi ta ni sita vilevile. Kila jozi inaikata oktavo katikati. Jaribu kuifanya ile E, iliyokuwa fe, kuwa do mpya. Ile iliyokuwa mi sasa inasomeka ta, na iliyokuwa ta inasomeka mi. Zimebadilishana viti. Nota zilezile tatu zinafaa kodi ya B-flati, na zinafaa sawasawa kodi ya E, iliyo mbali nayo kuliko nyingine zote. Kwa nota hizo peke yake, bila msaada wa wengine, msikilizaji hawezi kusema do iko wapi.

Kwangu hapo ndipo utamu wa wimbo ulipo. Rollins amechukua bluzi, muziki ambao hata mtoto anajua nyumbani ni wapi, akaujengea wimbo unaokataa kuitaja nyumba. Ukibandika jina la lidiani dominanti ya B-flati hujakosea nota hata moja, lakini umeshalijibu swali ambalo wimbo wenyewe uliliacha wazi. Skeli haiwezi kutajwa bila kwanza kuamua do ni ipi, na hapa hilo ndilo lenye utata.

Aliyeyaeleza haya kwa maandishi ni Gunther Schuller, mtunzi na mpiga honi aliyekuwa na mguu mmoja kwenye muziki wa okestra na mwingine kwenye jazi. Makala yake ilitoka Novemba 1958, katika toleo la kwanza la jarida la The Jazz Review. Schuller hakuishia kwenye wimbo. Aliifuata solo mzunguko kwa mzunguko, akaonyesha jinsi vipande vya wimbo ule vinavyorudi, mara vikiwa vimefupishwa, mara vimenyooshwa, na kati yake kuna misemo ambayo haihusiani nao. Kwa maoni yake solo nzima ina mpango, sawa na kazi ya mtunzi aliyekaa mezani na kalamu. Hakumsahau Roach: alionyesha kwamba solo ya dramu nayo imejengwa kwa vitu viwili tu, kundi la mapigo matatu na mrindimo wa fimbo.

Anayetaka kuandika uchambuzi wa aina hiyo aanze kwa kuhesabu, si kwa nota. Sikiliza rekodi nzima ukihesabu vipimo 12 kwa vidole, na kila mzunguko mpya unapoanza andika namba yake na dakika na sekunde yake. Bila ramani hiyo hutajua kama msemo unaousifu umetua mwanzoni mwa mzunguko au umevuka mpaka wa miwili, na mara nyingi hapo ndipo penye habari. Taja namba ya mzunguko pamoja na dakika, kwa sababu matoleo tofauti ya albamu ileile huweza kupishana kwa sekunde kadhaa.

Kisha imba. Usiandike nota ambayo hujaweza kuiimba pamoja na rekodi, maana mkono ulio kwenye kinanda huandika kilichozoeleka badala ya kilichopigwa. Zamani watu walipunguza kasi ya santuri kutoka 33 hadi 16, sauti ikashuka oktavo nzima na nota zikaanza kutenganika. Leo programu za kompyuta hupunguza kasi bila kushusha sauti. Ukimaliza mstari wa saksafoni, sikiliza besi na piano peke yake. Kodi zilizochapishwa vitabuni ni makubaliano tu, na wapigaji wanaweza kuwa wamepiga kitu kingine. Nimesoma wachambuzi wakisifu nota ya ajabu iliyo nje ya kodi, kumbe mpiga piano alikuwa tayari ameshahama na mwenye solo amemfuata.

Katika kuandika, jaribu kila sentensi kwa swali moja: ingekuwa kweli pia kwa solo nyingine mia? Sentensi kama "hapa Rollins anatumia lidiani dominanti juu ya kodi ya nyumbani" ingefaa kwa wapigaji lukuki. Ilinganishe na hii: "Wimbo unasimama juu ya nota tatu zinazofaa kodi mbili zilizo mbali kabisa, kwa hiyo ni besi inayotuambia tuko B-flati, wala si saksafoni." Ya pili inasema kitu kinachoweza kukanushwa. Msomaji anaweza kufungua rekodi, akasikiliza besi, akasema umekosea.

Makala ya Schuller nayo ilikuja kupingwa. Mwaka 2014 mwanazuoni Benjamin Givan alichapisha utafiti mrefu juu yake. Hoja yake, kwa kifupi, ni kwamba baadhi ya misemo ambayo Schuller aliihesabu kuwa watoto wa wimbo wa Blue 7 inasikika pia katika rekodi nyingine za Rollins ambazo hazina uhusiano wowote na wimbo huo. Ni misemo iliyokuwa vidoleni mwake siku zote. Kila mwenye solo ana akiba ya namna hiyo, na mchambuzi aliyesikiliza rekodi moja tu ataiona akiba kuwa mpango.

Kinga yake ni ya kuchosha lakini ipo. Ukiona msemo umerudi mara tatu ndani ya solo, tafuta solo nyingine za mtu huyohuyo za miaka ileile, ikiwezekana za bluzi, na zaidi zile za kodi za B-flati, kwa kuwa vidole vina mazoea ya ufunguo. Ukiukuta huko, bado unaweza kuandika kwamba unarudi na kwamba kurudi kwake kunaishikanisha solo kwa msikilizaji. Usichoweza kuandika tena ni kwamba ulizaliwa na wimbo huu. Mimi naona zile nota tatu za wimbo zinasalimika katika jaribio hilo kuliko misemo mingi ya katikati, kwa sababu utata wake uko wazi tangu mwanzo, kabla Rollins hajaanza kubuni.

Na Rollins mwenyewe? Aliisoma makala ya Schuller, na baadaye akaeleza kwamba ilimfanya ajisikilize mno alipokuwa akipiga. Hakuwa amejua kwamba alikuwa akifanya yale aliyosifiwa. Akaamua kuacha kusoma yaliyoandikwa juu yake.